Mwaka Mmoja na Sufuria ya Watu

Mume wangu,

Kesho Jumatatu, tarehe 25 Novemba 2024, tunatimiza mwaka mmoja wa ndoa. Sasa hivi ni saa nne usiku, wewe umeshalala na mtoto ameshalala, na mimi nimekaa sebuleni na simu mkononi tangu gari la kampeni za serikali za mitaa lilipoacha kupita na kelele zake. Najaribu kuandika kitu cha kuweka stetasi kesho asubuhi. Unazijua stetasi hizo. Picha ya harusi, mioyo mitatu, na chini yake maneno kwamba haikuwa rahisi, tumevuka milima na mabonde, lakini Mungu ni mwema. Nimeandika hivyo hivyo, na nilipofika kwenye neno milima nikafuta yote. Sisi hatukuvuka mlima wowote. Mlima ndio uliotujia.

Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza. Ukiamka utaukuta ujumbe huu kwenye simu yako, na utausoma ukiwa unasubiri chai kama unavyosoma kila kitu. Stetasi itasubiri.

Naanza na sufuria, kwa sababu ipo hapa mbele yangu juu ya kabati na kila nikiinua macho naiona. Ni ile kubwa ya pilau yenye alama ya rangi nyekundu kwenye mkono, aliyokuja nayo mke wa kaka yako kutoka Katesh siku mbili kabla ya harusi. Alisema sufuria za kukodi hapa mjini zinaunguza wali. Jumatatu baada ya harusi waliporudi kwao, gari lilikuwa limejaa, akaniambia, "Mdogo wangu, iache tu, nitaifuata Krismasi." Mimi nilimwita dada kuanzia siku ya kwanza uliponitambulisha kwake, na yeye ndiye mtu wa kwanza upande wenu aliyeniuliza Kondoa tunapika nini, badala ya kuniuliza Mrangi amefikaje kwa Wairaqw.

Tulikaa siku nane tu tukiwa maharusi. Nazikumbuka karibu zote. Ulikuwa na ruhusa ya wiki moja shuleni, nami nilikuwa nimeomba udhuru chuoni Dodoma. Tulihesabu bahasha za zawadi mara tatu kana kwamba hela zingeongezeka, tukalipa deni la viti na turubai, tukabaki na shilingi 40,000 na trei mbili za mayai. Jioni tulikuwa tunashuka Bagara Ziwani kununua perege, tunarudi kwa miguu, na watu wa Maisaka wakikusalimia wanakuita "bwana harusi" na wewe unajifanya hupendi.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 3 Desemba mvua ilinyesha hata hapa Babati. Mwezi huo ulikuwa wa mvua kupita kawaida, redio zilikuwa zinaitaja El Ninyo kila siku. Tulikuwa tunajiandaa kwenda misa ya kwanza baada ya harusi, nimeshavaa kile kitenge cha kijani, simu yako ikaita. Alikuwa kaka yako, yuko njiani na lori la vitunguu upande wa Singida, anasema amepigiwa na mtu kwamba kuna tope limeingia Katesh, na simu ya mkewe haipatikani. Ulimwambia labda chaji imeisha. Baadaye ulinieleza kwamba ulijua, wakati unasema, kuwa hilo halikuwa jibu.

Ulivaa viatu vya shuleni ukaondoka. Gari lilikufikisha mbali kiasi, barabara ikawa imezibwa na tope, mawe na magogo, ukashuka ukatembea. Mimi nilibaki na simu. Kila nusu saa nilimpigia dada, kila nusu saa yule mwanamke wa mtandaoni aliniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo, hata kwa kumpigia mtu wa kawaida aliyezima simu, tumbo linanikaza.

Sasa tunajua kilichotokea, kwa sababu kilielezwa mara nyingi. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na ni volkano ya zamani. Watu wengi siku ile walidhani umelipuka. Wataalamu wa jiolojia walisema hapana. Sehemu ya mlima ililoa maji kwa siku nyingi, miamba iliyokwisha kuchoka haikuweza kushikilia, ikakatika, na ule udongo ukashuka kwenye makorongo ukizoa mawe na miti njia nzima. Ulifika Katesh mjini na kwenye vijiji vya chini, watu wakiwa ndani ya nyumba zao. Walikufa zaidi ya 80. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, akaikatisha safari na kuja Katesh, na nchi nzima ikajua jina la mji ambao siku kumi kabla nilikuwa nawaelekeza wageni wa harusi kwamba uko njia ya Singida.

Lakini wewe Jumapili ile hukujua lolote kati ya hayo. Ulikuwa unatafuta watu wawili. Mtoto ulimpata Jumatatu mchana kwenye shule moja iliyogeuzwa kambi, amekaa na jirani yao, ana kiatu kimoja. Dada alipatikana Jumanne. Hukuniambia ulimtambuaje, na sijawahi kuuliza. Nikiuliza siku moja usinijibu kama hutaki.

Ulirudi nyumbani baada ya mazishi ukiwa na mtoto mgongoni, ana miaka sita, amevaa sweta la msaada lililomzidi. Wiki mbili kabla alikuwa mtoto wa maua kwenye harusi yetu. Kaka yako hakuwa na nyumba, hakuwa na mke, na tajiri wa lori alikuwa anamuuliza anarudi lini kazini. Hakukuwa na kikao wala mjadala. Mama yako aliniangalia akasema, "Wewe ndiye mama yake mdogo." Kwa Kiswahili hakuna pa kubishia. Mke wa baba mdogo ni mama mdogo, iwe ameolewa miaka ishirini au siku kumi na tano.

Nataka nikuambie jambo ambalo sikukuambia wakati ule. Nilikuwa na hasira. Siyo na mtoto, siyo na wewe, na hata sikujua ni na nani. Nilikuwa na miaka 26, nimeolewa siku kumi na tano, nyumba ya vyumba viwili, na usiku tunalala watu watatu kwenye kitanda kimoja kwa sababu mtoto akilala peke yake anapiga kelele. Mvua ikianza kugonga bati alikuwa anaamka bila kulia. Alikuwa anavaa viatu vyake, vyote viwili, anakwenda kukaa sakafuni nyuma ya mlango wa mbele. Hakutaka kubebwa. Ukimgusa anakuwa mgumu kama ubao. Tukawa tunatandika kanga pale chini, tunakaa naye mpaka mvua ikatike, na asubuhi wewe unakwenda kazini na macho mekundu. Wewe ulikuwa umekwisha kuzika, na bado hujalia. Mimi nilikuwa nimelia, na bado sijui kama ninayo haki. Nilimfahamu dada kwa miezi minane tu.

Kwa hiyo Januari niliporudi Dodoma, basi lilipopita Bonga, nilishusha pumzi. Nilifurahi kuondoka. Niliona aibu kuanzia Bereko mpaka Kolo, lakini nilifurahi.

Hilo ndilo lilikuwa gumu la kwanza. La pili unalijua, na ndilo ninalotaka kuliandika polepole kwa sababu tulilimaliza bila kulizungumza hadi mwisho.

Kabla ya harusi tuliweka shilingi 900,000 za awamu ya pili ya ada yangu. Sehemu ilikuwa posho yangu ya kujitolea kufundisha, sehemu mshahara wako. Tuliziweka kwenye akaunti yako kwa kuwa yangu ilikuwa inaliwa na makato. Tuliapa kwamba hata kamati ya harusi ikwame vipi hatutazigusa, na kweli kamati ilikwama na hatukuzigusa.

Februari nilikuuliza kwenye simu, "Ile hela ipo?" Ukasema, "Ipo." Mwanzoni mwa Machi nikakuuliza tena, ukasema, "Ipo, mke wangu, usiwe na wasiwasi." Wiki ya mwisho ya malipo nilitengeneza kontroli namba, nikakutumia, nikakaa kwenye ngazi za maktaba nasubiri ujumbe wa malipo. Saa tano ukanipigia. Hukusalimia. Ulisema, "Ipo laki moja na themanini."

Nilikata simu. Nilikopa laki tatu kwa mwanafunzi mwenzangu, nikauza kompyuta yangu kwa laki tatu na nusu, mama yangu Kondoa akauza ulezi akanitumia elfu sabini, na wewe ukatuma ile laki moja na themanini. Ada ikalipwa siku moja kabla ya mwisho. Sura ya pili ya tasnifu yangu niliiandika kwenye simu, kwa kidole gumba. Kwa siku tisa sikupokea simu zako. Ulikuwa unatuma "habari za asubuhi" kila siku saa kumi na mbili na nusu, na mimi nilikuwa naziona na kuziacha.

Ukiniuliza nini kiliniuma, siyo hela. Hela ilikuwa nyingi, lakini ningeelewa kama ungeniambia imeibwa, au imeliwa, au umempa ndugu yako. Kilichoniuma ni lile neno ipo. Ulilisema mara mbili wakati hela haikuwepo, na sauti yako haikubadilika hata kidogo. Nilikaa kwenye kitanda cha hosteli nikawaza kwamba nimeolewa na mtu ambaye sauti yake ya ukweli na ya uongo ni moja. Kama hapo haipo na anasema ipo, je, aliposema ananipenda? Ndivyo akili inavyokwenda usiku.

Nilikuja Pasaka kwa sababu ya mtoto, siyo kwa sababu yako. Basi lilichelewa, nikashuka stendi saa tatu usiku na mvua inanyesha. Ulikuwa umesimama chini ya kibaraza cha duka la vocha na mwavuli wa mama yako. Hukujieleza. Ulibeba begi, tukapanda bajaji, na tulipofika nyumbani ukatoa kijitabu kwenye droo ukaniwekea mezani.

Kilikuwa kijitabu cha vikoba, kile kidogo ambacho kila mwanachama anakuwa nacho, chenye visanduku vya kugonga muhuri kwa kila hisa unayonunua. Kilikuwa cha mwanachama mwingine, siyo cha dada. Cha dada kilikwenda na tope. Ulinieleza ukiwa umesimama, kama uko mbele ya darasa.

Kikundi chao cha Katesh kilikuwa na wanawake kumi na wanane. Hela waliweka kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, ili mtu mmoja asiweze kukifungua peke yake. Daftari kubwa la mikopo lilikaa humo humo ndani. Siku ile kisanduku kilizolewa pamoja na nyumba ya mtunzaji wake. Wanawake watatu kati ya kumi na wanane walikufa. Januari waliobaki walikutana, wakakaa chini, na kwa kuwa daftari halikuwepo, kila mmoja akataja kwa mdomo wake anachodaiwa. Hakuna aliyeweza kumsuta mwenzake, maandishi hayakuwepo. Mwingine alisema laki mbili, mwingine elfu hamsini, mwingine akasema nusu milioni huku nyumba yenyewe hana. Walikuwa wanataka kuanza upya na walijua wakianza na uongo hawatafika mbali.

Ilipofika zamu ya marehemu dada, wakanyamaza. Kisha mweka hazina akasema anakumbuka. Dada alikopa laki nane mwezi Oktoba, akawa amerejesha elfu themanini. Bado laki saba na elfu ishirini. Kaka yako alikuwepo, amesimama mlangoni. Hakuna aliyemdai. Mweka hazina alisema wazi kwamba kikundi kitasamehe. Yeye akasema mke wake hatalala na deni la wanawake ambao wametoka kutaja madeni yao bila kushikiwa fimbo. Akakupigia.

"Kwa nini hukuniambia?" nilikuuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali langu pekee.

Ulikaa. Ukasema kwamba katika ile laki nane, laki mbili na nusu dada alizichukua kwa ajili ya mchango wa harusi yetu. Kwenye daftari la kamati tuliandika jina lao na kiasi, wakapigiwa makofi kwenye kikao. Ilikuwa hela ya mkopo. Nyingine alinunulia mali ya dukani, na mali ilikwenda na tope. "Ningekuambiaje," ulisema, "kwamba pilau uliyokula siku ya harusi yako ni deni la mtu aliyekufa?"

Hapo ndipo ulipolia. Miezi minne baada ya kuzika. Ulilia kwa sauti kubwa mpaka mtoto akatoka chumbani, akakuangalia, akaenda kuvaa viatu. Alidhani kuna mvua ambayo hajaisikia.

Mimi sikulia. Nilikuwa bado na hasira, na ninataka ulijue hilo kwa sababu mara nyingine unasimulia kana kwamba usiku ule uliyamaliza yote. Haukuyamaliza. Ningekuwa kwenye nafasi yako ningetoa hela hiyo hiyo, na nafikiri ningeitoa haraka kuliko wewe. Lakini ulinikinga na jambo ambalo lilikuwa langu pia. Harusi ilikuwa ya watu wawili, na deni lake pia lilikuwa la watu wawili. Uliponificha hukunipunguzia mzigo, ulinitoa tu kwenye familia kwa miezi mitatu, wakati mama yako alikuwa ameshaniingiza kwa neno moja. Nilikuambia hivyo asubuhi ya Pasaka, tukiwa tunamenya viazi. Ukasema, "Nimekusikia." Tangu siku ile, nakushukuru, hujasema ipo kwa kitu ambacho hakipo. Umeanza kusema "ipo nusu", "haipo kabisa", "ipo lakini ya watu". Naicheka hiyo ya mwisho, lakini naipenda.

Sasa yaliyotufurahisha. Yako mengi madogo, lakini nitasimulia moja, kwa sababu mengine yote yamo ndani yake.

Juni mvua zilikwisha na mtoto alianza kulala vizuri, chumbani kwake. Nilidhani tumepona. Wewe ndiye uliyesema kwamba hatujapona, ni kiangazi tu. Ulisema Novemba itakuja. Basi likizo ya mwezi wa saba, nikiwa nimekuja kuandika nyumbani, ulianza mambo yako ya ualimu. Siku ya kwanza ulijaza ndoo mchanga, ukaupindua uani ukawa kilima, ukampa mtoto kikombe cha maji. Akamwaga kidogo, mchanga ukanywa. Akamwaga tena, ukanywa. Mara ya sita au ya saba ubavu mmoja ukakatika wote kwa pamoja ukateremka mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Nilishtuka, nilitaka kuja kukuzuia. Mtoto aliangalia muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo haukukasirika." Ndipo tukajua kwamba miezi yote hiyo aliamini mlima ulimkasirikia mtu, na huenda alidhani mtu huyo ni yeye.

Kisha akaunyooshea kidole Mlima Kwaraa, ule pale nyuma ya mji, akauliza, "Na huu?"

Nilikuangalia. Ningekuwa mimi ningemwambia huu hauwezi. Ningesema kwa sauti ya upole kabisa. Wewe ulichuchumaa ukasema, "Sijui. Sijaona dalili yoyote, na watu wameishi chini yake miaka mingi. Lakini mvua ikiwa kubwa sana siku nyingi mfululizo, mimi na mama mdogo tutakuwa macho, na tukiona vibaya tutaondoka wote watatu usiku huo huo." Mtoto akakubali kwa kichwa akaenda kucheza. Jibu lako la sijui lilimtuliza kuliko uongo wangu ambao ungemtuliza nusu saa. Siku ile nilikusamehe kabisa ile hela. Sikukuambia, nikaendelea kufua.

Baada ya hapo mkaanza kunyesha mvua yenu. Uliazima ngazi kwa fundi, ukapanda na debe lililotobolewa matundu, mtoto akabaki ndani. Makubaliano yalikuwa kwamba yeye ndiye anayeamuru. Akigonga ukuta mara moja unamwaga kidogo, akigonga mara mbili unazidisha, akigonga mara tatu unaacha. Siku ya kwanza aligonga mara tatu kabla hujamwaga hata tone. Ya pili alivumilia sekunde kidogo. Majirani walitoka kukuangalia, mwalimu mzima juu ya bati la chumba kimoja wakati wa jua kali, unamwagilia nyumba kama bustani ya mchicha. Kufika Septemba alikuwa anagonga mara mbili na kucheka. Siku moja akatoka nje, akakuambia ushuke, ni zamu yake kunyesha. Ulimshika kiuno pale juu ya ngazi, mimi nikaingia ndani peke yangu, nikakaa nyuma ya mlango wa mbele pale anapokaaga yeye, na mvua ya mtoto ikanidondokea juu ya bati. Nilimkumbuka dada. Nililia, na safari hii sikujiuliza kama ninayo haki.

Mvua ya kweli ilikuja Jumamosi mbili zilizopita. Ilianza saa saba usiku, na tuliamka wote wawili kwa pamoja. Hatukusema kitu. Tulitoka tukakaa sebuleni gizani, tunaangalia mlango wa chumba chake. Bati lilikuwa linapiga kelele hata usingeweza kusikia mtu akiongea. Dakika kumi zikapita, nikaenda kuchungulia. Amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia, viatu viko mlangoni vimepangwa. Nikakurudia nikakuambia kwa ishara. Hukuamini, ukaenda mwenyewe. Uliporudi ulikuwa umeziba mdomo kwa mkono unacheka, na mimi nikacheka, tukacheka kama wezi waliosahau walichokuja kuiba. Tulichemsha chai. Tulikunywa chai ya rangi saa nane usiku na mkate uliokauka, mvua inanyesha, na mtoto amelala. Kama mtu ataniuliza siku ya furaha kuliko zote mwaka huu, sitataja harusi.

Najua yanayokuja. Kaka yako anasubiri kukabidhiwa nyumba, zile ambazo serikali inawajengea waathirika kule Waret, na Jumapili iliyopita alisema akihamia atamchukua mtoto akasome darasa la pili huko. Ni haki yake, na ni mtoto wake. Wewe ulinyamaza, mimi nikasema "sawa, shemeji", na sauti yangu haikubadilika, na sasa naelewa kidogo ulivyosema ipo. Kwa hiyo nakuandikia ukweli: siyo sawa. Kitanda chake kitanisumbua. Wala sitaki tumzuie. Nataka tumpeleke wenyewe, kwa basi la mchana ili auone mlima ukiwa wazi, na wewe umweleze baba yake habari za debe, ili wawe na ngazi yao kule.

Na tuirudishe sufuria. Tumeitumia mwaka mzima, tumepikia watu wa msiba, watu wa Pasaka, wenzangu wa chuo walipokuja. Dada alisema ataifuata Krismasi. Tuipeleke sisi, na tuipeleke ikiwa na kitu ndani, maana kwenu wala kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu.

Stetasi nitaweka ile picha ambayo mtoto yuko katikati yetu ameshika maua kichwa chini. Maneno bado sijui. Ukiamka kabla yangu, niamshe tufikirie. Sukari ipo ya kesho asubuhi tu, nunua nusu kilo ukitoka shule.

Mke wako.